Shajara ya mradi: kutoa malipo kwenye ripoti za muda, wa saa na wa kazi wakiwa shiti moja

Jumatatu, 3 Februari 2025: tulipoanzia

Naanza kuandika hii kwa sababu nilivyotafuta mtu aliyewahi kufanya kitu kama hiki kwa Kiswahili sikupata, na najua ofisi ndogo nyingi zina shida hii hii. Sisi tupo Dar, tunanukuu sauti: watu wa utafiti wanatuletea rekodi za mahojiano, tunaandika kila kilichosemwa, mhariri anasikiliza tena na kusahihisha, tunarudisha. Ndani ya ofisi tuko na watu 6 wanaolipwa kwa saa (wahariri na wa mapokezi), shilingi 4,000 kwa saa. Nje kuna frilansa 14, wao wanalipwa kwa kazi iliyokamilika, shilingi 600 kwa kila dakika ya sauti. Narudia, dakika ya SAUTI, sio dakika ya kukaa kwenye kompyuta. Rekodi ya saa nzima ni dakika 60, ni 36,000, uimalize kwa masaa manne au kwa siku tatu shauri yako.

Mpaka leo mahudhurio yako kwenye daftari la mapokezi na kazi za frilansa ziko kwenye grupu la Wasap, na mimi ndo wa kukaa siku tatu kila mwisho wa mwezi nasoma miandiko ya watu. Nachotaka: ripoti ya muda ijitengeneze, ripoti ya kazi ijitengeneze, zote mbili ziishie kwenye shiti moja yenye jina la mtu na jumla kabla ya makato. Makato yenyewe sigusi, hiyo ni kazi ya mama mhasibu: wa saa anawakata NSSF na PAYE, frilansa anawakata kodi ya zuio asilimia 5.

Vifaa ni Google Sheets na Google Forms, bure. Nimenunua tableti ya mtumba 180,000 ya kukaa mlangoni.

Jumatano, 12 Februari: saa ya Kiswahili imenipiga

Fomu ya kwanza ilikuwa na vitu vitatu tu, jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Mtu anaandika mwenyewe. Fomula ya masaa ilikuwa hii:

```
=MOD(C2-B2,1)*24
```

Hiyo MOD niliiweka kwa makusudi, maana ukiwa na zamu inayovuka usiku wa manane, kutoka inakuwa ndogo kuliko kuingia na jibu linakuja hasi, sasa MOD inalirudisha kuwa chanya. Nikajiona fundi.

Wiki nzima ya kwanza mambo safi kabisa. Jana nafungua ripoti nakuta mhariri mmoja amefanya kazi masaa 21 kwa siku moja. Nikamfuata, "Dada shikamoo, hii ya juzi imekaaje?" Akaangalia tableti akaangalia mimi, "Marahaba, si nimeingia saa nne nikatoka saa moja, wewe hukuniona?"

Nilimwona. Aliingia saa nne asubuhi akatoka saa moja jioni, masaa tisa. Kaandika 4:00 na 1:00. Kompyuta inasoma kaingia alfajiri saa kumi, katoka saa saba usiku wa kesho yake, na MOD yangu badala ya kulalamika ikapiga hesabu kwa adabu zote, 21.

Kilichonitisha sio hiyo 21, ni zile zilizokuwa sawa. Nikarudi nyuma kuangalia nakuta karibu watu wote walikuwa wanaandika saa ya Kiswahili toka mwanzo. Anayeingia saa mbili na kutoka saa kumi na moja anaandika 2:00 na 11:00, jibu 9, na kweli ni masaa 9, kwa sababu saa yetu imepishana na ile nyingine kwa masaa sita kamili pande zote mbili na ukitoa yanafutana. Kosa linajionyesha pale tu saa inapovuka kumi na mbili katikati ya zamu: anayetoka baada ya saa kumi na mbili jioni, au yule wa mapokezi anayefungua saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka saa nane mchana (12:00 na 8:00, mashine inakupa 20). Halafu kuna mmoja alikuwa anachanganya, kuingia anaandika 8:00 ya kizungu, kutoka anaandika 11:00 ya kwetu, siku nzima imekuwa masaa matatu na hakusema kitu kwa sababu hajui.

Wazo la kwanza lilikuwa nijumlishe sita kila mahali. Haifai, kwa sababu hujui nani kaandika ipi, na "saa nne" yenyewe inaweza kuwa asubuhi au usiku. Nikaondoa kabisa kuandika saa. Sasa fomu ina jina na vitufe viwili, NIMEINGIA na NIMETOKA, muda unatoka kwenye mashine yenyewe pale mtu anapotuma. Na nikaongeza kolamu ya tahadhari, safu yoyote inayozidi masaa 12 inaandikwa ANGALIA na haiendi kwenye malipo hadi mtu aipitie. Kama mnatumia MOD wekeni na hii, la sivyo MOD inawafichia makosa.

Kusahau kubonyeza NIMETOKA kupo, kama mara tatu kwa wiki. Hapo naacha safu ina neno INAKOSA, mwenyewe anaandika marekebisho kwenye shiti nyingine, kiongozi wa zamu anaridhia. Safu asili haifutwi.

Alhamisi, 20 Februari: ofisi imehamia Marekani

Hii fupi kidogo ila inachekesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kazi ya usiku, yaani baada ya saa mbili usiku hadi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 kwa kila saa, na ukifanya kazi siku yako ya mapumziko ya wiki ni mara mbili. Kwetu siku hiyo ni Jumapili. Kwa hiyo nikaweka kolamu mbili, masaa ya usiku na Jumapili.

Ripoti ya wiki ikaleta watu wanne waliofanya kazi Jumapili. Jumapili ofisi ilifungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni kwangu, nilikuwa nao Kigamboni.

Nikaangalia vizuri, zamu ya Jumatatu asubuhi imeandikwa imeanza Jumapili 21:00 na kuisha Jumatatu 06:00. Masaa yake 9, sawa kabisa tena. Ila yote yamekuwa ya usiku. Kumbe shiti nilikopi kwa mtu aliyekuwa ameitengenezea kwenye saa za Los Angeles, na mihuri ya muda ya fomu inafuata saa ya shiti, sio saa ya tableti wala ya ukutani. Mwezi huu sisi tuko mbele yao masaa 11, hivyo 8:00 yetu ya Jumatatu kwao bado ni 21:00 ya Jumapili.

Na mwenye zamu ya jioni, 14:00 hadi 23:00, yeye aliandikiwa 03:00 hadi 12:00. Masaa yake ya usiku kweli ni matatu (20:00 hadi 23:00), na mashine ikampa matatu (03:00 hadi 06:00). Yule niliyekuwa nampima kama mfano, kwa sababu ndo pekee mwenye masaa ya usiku, akawa ndo pekee aliye sahihi kwa bahati. Nilimkagua yeye nikasema fomula iko poa.

Kwa hela ingekuwa 1,600 ya usiku wa uongo kwa kila mtu wa asubuhi kwa kila siku ya masaa 8, pamoja na 32,000 ya "Jumapili" kila Jumatatu. Tumeikamata kabla ya kulipa. Dawa: nimefungua shiti mpya, kwanza kabisa nikaweka saa za Dar kwenye File > Settings > Time zone, halafu ndo nikaiunganisha fomu.

Somo nililojiandikia ukutani: masaa kuwa sahihi hakuthibitishi kwamba saa ni sahihi. Sasa kila Jumatatu nabonyeza mwenyewe kwenye tableti na kulinganisha na simu yangu. Sekunde kumi.

Jumatatu, 3 Machi: malipo ya kwanza kutoka kwenye shiti

Februari imelipwa kutoka humu, sio daftarini, ila daftari tuliliweka pembeni na tukalinganisha. Nashauri msiliache la zamani mpaka miezi miwili ipite, lilituokoa mara mbili leo hii.

La kwanza, mhariri ana 44:20 kwa wiki, yaani masaa 44 na dakika 20. Shiti inaonyesha 20:20. Sikulala jana nikifikiri nimempoteza mtu siku nzima. Kumbe kwenye spredishiti muda ni sehemu ya siku, saa moja ni 1/24, na mpangilio wa kawaida wa kuonyesha muda ukivuka masaa 24 unaanza upya kama saa ya mkononi. Ukiupangilia kuwa `[h]:mm` inaonyesha 44:20 yake. Ila kuonyesha ni jambo moja na kuzidisha ni jingine: nikazidisha 44:20 kwa 4,000 nikapata 7,389. Mshahara wa wiki huo! Lazima uzidishe kwa 24 kwanza ndo inakuwa masaa 44.33, halafu kwa 4,000, ndo inakuja 177,333. Hili ni kosa zuri kwa sababu linapiga kelele, kila mtu analiona.

Lisilopiga kelele ni marekebisho ya mkono. Kiongozi wa zamu anaandika 8.30 akimaanisha masaa manane na nusu, mashine inasoma 8.3, ambayo ni masaa manane na dakika 18. Dakika 12 zimeenda na hakuna rangi nyekundu popote. Nimeifunga seli isikubali nukta, inataka nukta mbili.

La pili ni langu mwenyewe na naona aibu. Niliona dakika dakika zinachafua ripoti, nikazungusha kila muda kwenye robo saa ya karibu, MROUND. Inaonekana haki, si huku inaongeza kule inapunguza? Haipo hivyo. Watu wetu wanawahi kidogo na wanachelewa kutoka kidogo. Anayeingia 7:53 anazungushwa kuwa 8:00, anayetoka 17:07 anazungushwa kuwa 17:00, dakika 14 zimekatwa kila siku kwa mtu mwaminifu kuliko wote. Kwa siku 24 ni masaa matano na dakika 36, ni 22,400. Na ni daftari ndo lilionyesha, kwa sababu jumla yake ilikuwa inazidi ya shiti kwa kila mtu, na kosa la bahati mbaya huwa halielekei upande mmoja hivyo. Nimetoa kuzungusha. Tunalipa kwa dakika, senti zinazungushwa mara moja tu mwishoni kwenye jumla ya mwezi. Watu wote sita wamelipwa tofauti yao leo hii hii.

Jumatatu, 10 Machi: frilansa watatu wamelipwa mara mbili

Hapa ndo hela imetoka kweli, 186,000.

Mwezi wa pili niliwaomba frilansa nao wawe wanabonyeza muda wakianza na kumaliza kazi, linki ile ile ya fomu, kwa sababu nilitaka kujua rekodi ipi inakula muda. Watatu wakaanza. Ripoti ya muda inajumlisha masaa kwa jina, halafu inatafuta bei ya saa ya mtu huyo kwenye jedwali la wafanyakazi. Frilansa hayupo kwenye jedwali hilo, ilitakiwa iseme haipo. Lakini mimi wiki ya kwanza, kwa sababu zile alama za #N/A zilikuwa zinaniudhi macho, niliandika hivi:

```
=IFERROR(VLOOKUP(A2, Watu!A:C, 3, FALSE), 4000)
```

Yaani ukimkosa mtu, mpe elfu nne. Wote walikuwa elfu nne bana, nikaona inatosha. Masaa 21, masaa 16 na nusu, na masaa 9, jumla 46.5, mara 4,000. Na dakika zao za sauti wakalipwa pia kama kawaida.

Aliyetuambia ni mmoja wao, kapiga simu Ijumaa, "kaka mbona imekuja nyingi". Tukakubaliana wawili wakatwe kwenye kazi zijazo, nusu nusu, kwa maandishi yao kwenye Wasap. Wa tatu simu haipokelewi, ni yule wa masaa 9, kwa hiyo 36,000 tumeihesabu imeenda.

Nimefanya mawili. IFERROR imetoka, #N/A ikitokea na ionekane, ndo kazi yake. Na kila mtu sasa ana kolamu inayosema analipwaje, SAA au KAZI, na shiti ya malipo inachukua masaa ya wale wa SAA peke yao. Muda wa frilansa unaendelea kurekodiwa ila hauna njia ya kufika kwenye hela. Nimewaandikia hivyo wazi, maana mmoja alidhani akisahau kubonyeza hatalipwa, mwingine akadhani akiacha inakimbia usiku kucha atalipwa zaidi.

Jumatatu, 24 Machi: "imekamilika" maana yake nini

Kwa wa saa swali ni dogo, alikuwepo au hakuwepo. Kwa wa kazi nilidhani ni dogo zaidi, kumbe neno "imekamilika" kila mtu ana lake. Frilansa anasema imekamilika akishatuma. Mhariri anasema imekamilika akishaipitia. Mteja anaweza kurudisha wiki mbili baadaye akasema dakika ya 31 hadi 35 hazieleweki. Mwanzoni tulikuwa na kisanduku kimoja cha kutiki na kila mtu alikuwa anakitiki.

Sasa kila rekodi ina namba yake (K-0001 na kuendelea) na hali yake moja kati ya hizi: IMETOLEWA, IMETUMWA, IMERUDISHWA, IMEKUBALIWA. Anayeweza kuandika IMEKUBALIWA ni mhariri tu. Na tumekubaliana kwamba mhariri asipoigusa ndani ya siku 7 toka itumwe inahesabika imekubaliwa, hii waliidai frilansa wenyewe na wako sahihi, maana foleni ya uhariri ni uzembe wetu, haiwezi kuwa mkopo wao kwetu.

Tukio: K-0217, dakika 48, shilingi 28,800. Ilikubaliwa 26 Februari, ikalipwa. Mteja akairudisha Machi, hali ikabadilishwa IMERUDISHWA, frilansa akarekebisha, mhariri akaandika IMEKUBALIWA tarehe 12 Machi. Ripoti yangu ilikuwa inachukua kila kilichokubaliwa ndani ya mwezi, na tarehe ya kukubaliwa sasa ni Machi, kwa hiyo imeingia tena kwenye orodha ya Machi. Nimeiona kwa sababu tu jina la ile rekodi nalikumbuka, mzee mmoja anaongea huku jogoo anawika mwanzo mwisho.

Kosa ni kuuliza tarehe. Swali sahihi ni: namba hii tulishailipa? Nimetengeneza shiti ya tatu, Malipo, ambayo ni kuongeza tu, hakuna kufuta wala kubadilisha. Kila tukilipa, namba ya kazi, kiasi na tarehe vinaandikwa humo kama thamani, sio fomula. Na orodha ya kulipa ni zilizokubaliwa ambazo hazimo:

```
=FILTER(Kazi!A2:F, Kazi!E2:E="IMEKUBALIWA", COUNTIF(Malipo!A2:A, Kazi!A2:A)=0)
```

Haijali tarehe kabisa, kazi iliyochelewa kukubaliwa inaingia yenyewe mwezi unaofuata bila mtu kuikumbuka. Kama kuna kitu cha kurekebisha, mfano dakika zilihesabiwa vibaya, tunaongeza safu mpya K-0217-R yenye tofauti, hata kama ni ya kutoa.

Kitu hicho hicho nimefanya kwa wa saa: kila Jumatatu saa sita mchana wiki iliyopita inafungwa, masaa yanakopiwa kama thamani kwenye Malipo. Ukikumbuka Jumatano kwamba juzi hukubonyeza, inaandikwa kama marekebisho ya wiki hii. Kabla ya hapo ilikuwa nikishatuma slipu, mtu anarekebisha safu ya nyuma, na slipu yake na shiti hazifanani tena, halafu tunabishana wote tuna karatasi.

Jumatano, 2 Aprili: kazi halisi ya muda wa frilansa

Zile saa za frilansa ambazo hazilipwi zimeanza kusema kitu. Sasa wanarekodi tisa. Nimegawa malipo ya kazi kwa masaa yaliyotumika, rekodi kwa rekodi, bila kuangalia majina.

Mahojiano ya mtu mmoja, dakika 60, huwa yanakula kama masaa matano. 36,000 kwa 5 ni 7,200 kwa saa, vizuri tu. Majadiliano ya kikundi, watu wanane wanaongea kwa pamoja, feni inapiga, huyu anacheka yule anakatiza, dakika 60 zile zile zimekula masaa 11. Hiyo ni 3,273 kwa saa, chini ya mtu wa ofisini anayelipwa 4,000 na umeme tunamlipia sisi. Ndo maana kazi za vikundi zilikuwa zinakaa kwenye grupu siku mbili hakuna anayezichukua, mimi nilidhani uvivu.

Tulikuwa tumeshahisi hivyo, toka 17 Machi bei ya kikundi ni 900 kwa dakika, 54,000 kwa saa ya sauti, kwa masaa 11 ni 4,909. Bado sio tajiri ila sasa zinachukuliwa siku hiyo hiyo.

Sasa tatizo jipya likazaliwa hapo hapo. Nafunga mwezi, ripoti ya Februari haifanani na taarifa ya miamala ya simu, imezidi kwa 71,400. Hakuna aliyelipwa hiyo hela. Nimezunguka nusu siku. Bei ilikuwa inavutwa moja kwa moja toka jedwali la bei, nilipobadilisha 600 kuwa 900 rekodi nne za kikundi za Februari, dakika 238 kwa jumla, zikapanda bei kimya kimya, 238 mara 300. Na kibaya zaidi ni zile zilizokuwa zimetolewa kwa 600 kabla ya tarehe 17, mtu kakubali kwa bei moja, ripoti inamwonyesha nyingine.

Sasa bei inaandikwa kwenye safu ya kazi siku inapotolewa, kama namba. Frilansa anaiona kabla hajakubali na haibadiliki tena. Zile sita zilizokuwa mikononi mwa watu siku ile tuliamua tuzilipe kwa 900, sio lazima, ila ingekuwa aibu.

Jumanne, 22 Aprili: nimekuwa nawapunja ovataimu

Hesabu yangu ya ovataimu ilikuwa inajumlisha wiki na kuangalia kama imezidi 45. Mhariri mmoja kanionyesha wiki yake: Jumatatu 8, Jumanne 11, Jumatano 9, Alhamisi 9, Ijumaa 6. Jumla 43, ovataimu sifuri. "Na yale mawili ya Jumanne nilibaki hapa mpaka usiku ni sadaka?"

Nikaisoma sheria upya. Masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, na pia ni 9 kwa siku, vyote viwili. Kinachozidi ni ovataimu, mara moja na nusu, na mwisho wake ni masaa 50 ndani ya wiki nne. (Kuna mpango wa wiki iliyobanwa ambapo siku inaweza kufika masaa 12 bila ovataimu, ila huo unataka makubaliano ya maandishi, sisi hatuna.) Kwa hiyo ana masaa 2 ya 6,000, sio ya 4,000.

Mtego ni kuhesabu saa moja mara mbili, kwa siku na kwa wiki. Unatoa kwanza ya siku, halafu kilichobaki ndo unakipima na 45. D hadi I ni Jumatatu hadi Jumamosi:

```
J2: =SUMPRODUCT((D2:I2>9)*(D2:I2-9))
K2: =MAX(0, SUM(D2:I2)-J2-45)
```

Nimeirudisha nyuma hadi Februari, imetoka masaa 17 ya watu wanne, kila moja tulipungukiwa 2,000, jumla 34,000. Imelipwa kama marekebisho. Siku hiyo hiyo nikagundua natoa saa moja ya mapumziko kwenye kila zamu, hata ya Jumamosi ya masaa manne. Mapumziko ya dakika 60 ni ya anayefanya kazi mfululizo zaidi ya masaa matano. Sasa inatolewa pale tu zamu inapozidi matano, na mtu akisema chakula alikula huku anapokea simu haitolewi.

Karume Day tarehe 7 shiti iliilipa mara mbili yenyewe, sikukuu nimeziandika kwenye orodha kwa mkono. Idd inasubiri mwezi, kwa hiyo orodha hiyo haiwezi kumalizika Januari.

Jumatatu, 5 Mei: faili la malipo

Mwezi wa Aprili ndo wa kwanza kulipa kwa kupandisha faili moja badala ya kutuma simu kwa simu. Limekataliwa mara mbili. Mara ya kwanza sifuri ya mbele kwenye namba za simu ilikuwa imekatika, 07 imekuwa 7, spredishiti inadhani ni hesabu. Nikaweka 255 mbele, nikafungua faili kwenye programu nyingine kuhakikisha, nikasevu, nayo ikaziandika 2.55754E+11 na tarakimu za mwisho zikawa sifuri tupu. Hiyo ingeweza kwenda kwa mtu mwingine kabisa. Kolamu ya simu sasa ni maandishi tupu toka mwanzo, na faili halifunguliwi popote kati ya kushusha na kupandisha. Jina lililosajiliwa kwenye laini nimelilinganisha moja moja, wawili wanatumia laini za mama zao.

Gharama mpaka leo: tableti 180,000, chaja yake 15,000, bando la ofisini lilikuwepo. Hela zilizoenda bila kurudi, 36,000. Fidia ya ovataimu na ya kuzungusha dakika siihesabu kama gharama, ilikuwa ni yao.

Kufunga mwezi kumetoka siku tatu hadi kama masaa mawili na nusu, na zaidi ya nusu yake ni kupitia safu za ANGALIA na INAKOSA. Hazijapungua chini ya tano kwa wiki. Kinachofuata ni slipu ya kila mtu ionyeshe safu zake zote, sio jumla peke yake, maana kila kosa kubwa humu juu limeonekana kwa mtu kuangalia siku yake mwenyewe. Nitaongeza hapa ikikamilika.